Milioni Mbili Zisizotimia

Programu ya lugha ya C iliyo hapa chini ina kazi moja tu, nayo ni kuhesabu mpaka milioni mbili. Kazi hiyo imegawiwa nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya utekelezaji inayokwenda kwa wakati mmoja ndani ya programu moja. Kila uzi unaongeza moja kwenye kihesabu kiitwacho `jumla`, na unafanya hivyo mara milioni moja. Nyuzi zote mbili zikishamaliza, programu inaandika jumla kwenye skrini na kujifunga.

```c
#include <pthread.h>
#include <stdio.h>

int jumla = 0;

void *ongeza(void *x) {
    for (int i = 0; i < 1000000; i++)
        jumla++;
    return NULL;
}

int main(void) {
    pthread_t a, b;
    pthread_create(&a, NULL, ongeza, NULL);
    pthread_create(&b, NULL, ongeza, NULL);
    pthread_join(a, NULL);
    pthread_join(b, NULL);
    printf("%d\n", jumla);
}
```

Humu hamna cha kubahatisha. Hakuna namba ya nasibu, hakuna data inayotoka nje, hakuna mtandao. Mtoto wa shule ya msingi atasema jibu ni 2000000. Lakini programu hii ikitafsiriwa kwa amri `gcc -O0 -pthread hesabu.c -o hesabu` kwenye kompyuta ya kawaida ya Linux, kisha ikaendeshwa mara tatu mfululizo, majibu huwa ya namna hii:

```
1139482
1027716
1384051
```

Kompyuta nyingine itatoa namba nyingine, na hata kompyuta hiyohiyo haitarudia hizi. Hakuna ujumbe wa kosa, programu haianguki, na mfumo endeshi hauoni lolote lisilo la kawaida. Hali hii huitwa hali ya mashindano, kwa kuwa jibu linategemea uzi upi umewahi wapi, na hakuna aliyeipangia nyuzi hizo nani atangulie.

Chanzo chake kinaanzia kwenye namna nyuzi zinavyogawana kumbukumbu ya kompyuta. Programu mbili tofauti zinazoendeshwa pamoja hutengwa na mfumo endeshi, kila moja na eneo lake la kumbukumbu ambalo nyingine hailigusi. Nyuzi za programu moja hazitengwi hivyo. Kila uzi una kieneo chake kidogo cha kuwekea mambo yake ya ndani, na humo ndimo anamokaa `i`, yule anayehesabu mizunguko ya kitanzi. Ndiyo maana `i` hakosei kamwe: kuna `i` wawili, kila uzi na wake, na kila mmoja anafika milioni moja sawasawa. Lakini `jumla` imetangazwa nje ya kazi zote, na kwa hiyo ipo moja tu katika kumbukumbu, mahali ambapo nyuzi zote mbili zinaweza kusoma na kuandika wakati wowote. Mizunguko yote milioni mbili ilifanyika kweli. Kilichopotea ni kumbukumbu ya baadhi yake.

Inapotea kwa sababu `jumla++`, ambayo machoni pa mwandishi wa programu ni tendo moja, kwa mashine si tendo moja. Prosesa ya kawaida haifanyi hesabu ndani ya kumbukumbu kuu. Inachukua thamani kutoka kwenye kumbukumbu na kuiweka katika rejista, ambayo ni chumba kidogo ndani ya prosesa yenyewe, inaijumlisha humo, kisha inairudisha ilikotoka. Kompaila ya GCC, kwa amri iliyotajwa juu, huuvunja mstari ule mmoja kuwa amri tatu za mashine:

```
movl  jumla(%rip), %eax
addl  $1, %eax
movl  %eax, jumla(%rip)
```

Amri ya kwanza inasoma `jumla` na kuitia katika rejista iitwayo `eax`. Ya pili inaongeza moja. Ya tatu inaandika matokeo mahali `jumla` ilipo. Rejista hazishirikiwi, kila uzi una `eax` yake. Kwa hiyo kati ya amri ya kwanza na ya tatu, uzi unafanya kazi kwa nakala, na hauna njia ya kujua kama asili imebadilika huku nyuma.

Tuseme kihesabu kimefika 500, na nyuzi mbili zinakifikia karibu kwa pamoja:

```
Hatua   Uzi A             Uzi B             jumla
1       soma 500                            500
2                         soma 500          500
3       500 + 1 = 501                       500
4                         500 + 1 = 501     500
5       andika 501                          501
6                         andika 501        501
```

Nyongeza mbili zimefanyika, kihesabu kimepanda moja. Ni kama makarani wawili wa michango ya harusi wenye daftari moja la jumla. Wote wanaangalia jumla ya mwisho kwa wakati mmoja, kila mmoja anaongeza pembeni mchango aliopokea, kisha wa pili anaandika jumla yake juu ya ile ya mwenzake. Hesabu ya kila karani ni sahihi kabisa, ila mchango mmoja haumo tena daftarini. Na kama uzi B ungesoma baada ya hatua ya 5 badala ya hatua ya 2, ungekuta 501, ungeandika 502, na hakuna kingepotea.

Mpishano wa hatua hizi hutokea kwa njia mbili, na hasara zake hazilingani.

Njia ya kwanza ndiyo ya zamani, kwani hutokea hata kwenye prosesa yenye kiini kimoja tu. Humo nyuzi haziendi pamoja kwa kweli. Mfumo endeshi unazipa zamu fupi fupi, mara nyingi za milisekunde chache, na unaweza kuusimamisha uzi baina ya amri zozote mbili za mashine. Aghalabu kusimama huko hakudhuru. Lakini ikitokea uzi A umesimamishwa pale ambapo umeshasoma 500 na bado haujaandika, uzi B unapewa zamu yake, na katika milisekunde moja kiini cha kisasa kinaweza kufanya mizunguko laki kadhaa ya kitanzi kidogo kama hiki. Tuseme uzi B unakifikisha kihesabu 400000. Zamu ya A inarudi. Mfumo endeshi umemrudishia rejista zake zote kama zilivyokuwa, pamoja na ile `eax` yenye 500. A anaongeza moja na kuandika 501. Kazi ya zamu nzima ya uzi B imefutwa kwa amri moja, na B mwenyewe akirudi ataendelea kuhesabu kutoka mahali kihesabu kilipo, bila kushangaa.

Njia ya pili ni ya prosesa zenye viini vingi, yaani karibu kompyuta na simu zote za leo. Humo uzi A na uzi B wanakimbia kwa pamoja kweli, kila mmoja juu ya kiini chake. Kila kiini kina kache, kumbukumbu ndogo ya haraka inayohifadhi vipande vya kumbukumbu kuu, na katika prosesa nyingi za kompyuta za mezani kipande kimoja ni baiti 64. Kipande chenye `jumla` kinavutwa huku na huku kati ya viini. Viini vina utaratibu wa kuelewana ili kisiwepo kimoja kinachoshikilia nakala iliyopitwa na wakati, na wengi wakiusikia utaratibu huo hudhani kwamba unatosha kuiokoa programu. Hautoshi. Unahakikisha kwamba anayesoma sasa anapata thamani ya sasa. Haumzuii mwenzake kuandika dakika hiyohiyo, baada ya kusoma huko na kabla ya jibu kurudishwa. Hasara ya namna hii ni ndogo kila inapotokea, moja hapa na mbili pale, lakini inatokea mamia ya maelfu ya mara ndani ya kipande cha sekunde.

Sasa inaeleweka kwa nini jibu halirudii. Idadi ya nyongeza zinazopotea inategemea uzi B ulianza nukta gani baada ya A, mfumo endeshi uliziweka nyuzi juu ya viini gani, ni programu nyingine zipi zilidai zamu, na ni lini kadi ya mtandao au diski ilimkatiza prosesa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa katika msimbo. Kuusoma msimbo mara mia hakuwezi kueleza kwa nini safari hii imetoka 1139482.

Hata hivyo jibu lina mipaka, na mipaka hiyo inajulikana. Kwa juu, haliwezi kuzidi 2000000, kwa sababu kila kinachoandikwa ni thamani iliyosomwa ikaongezwa moja, na uandishi wote ni mara milioni mbili. Kosa la aina hii hupunguza tu. Kwa chini, wengi hukisia kwamba haliwezi kushuka chini ya 1000000, kwa hoja kwamba hata nyongeza zote za uzi mmoja zikipotea, za mwingine zitabaki. Hoja hiyo inavutia, lakini si kweli. Jibu dogo kabisa linalowezekana ni 2.

Njia ya kufika huko inahitaji bahati mbaya iliyopangwa kwa ustadi. Uzi A unasoma 0 na kusimamishwa. Uzi B unafanya mizunguko yake 999999, ukibakiza mmoja. A unaamka na kuandika 1, na hapo kazi yote ya B imekwisha kufutika. B sasa unaanza mzunguko wake wa mwisho: unasoma 1, kisha nao unasimamishwa kabla ya kuandika. A unamaliza mizunguko yake 999999 iliyobaki, na kihesabu kinafika 1000000. Mwishowe B unaamka na rejista yake yenye 1, unaongeza moja na kuandika 2. Programu inachapisha 2. Hakuna atakayeliona jibu hilo katika maisha yake kwa kuendesha programu tu, lakini kanuni za mashine zinaliruhusu, na majibu yaliyo chini ya milioni moja huonekana mara mojamoja.

Kinachoisumbua zaidi kazi ya kulitafuta kosa hili ni kwamba hujificha likitafutwa. Badili 1000000 iwe 1000 na programu karibu kila mara itatoa 2000 kamili. Sababu ni ndogo na ya kimwili: kuunda uzi mpya huichukua kompyuta makumi ya mikrosekunde, na mizunguko elfu moja ya kitanzi hiki humalizika katika mikrosekunde chache. Uzi A huwa umeshamaliza kazi kabla uzi B haujazaliwa, kwa hiyo hakuna wa kushindana naye. Mtu akiijaribu programu kwa data ndogo ya majaribio ataona kila kitu ni shwari, na kosa litamsubiri siku ya data kubwa.

Badili `-O0` iwe `-O2`, yaani mwambie kompaila atoe msimbo wa haraka, na kosa linaweza kutoweka tena, safari hii kwa namna ya kuchekesha. Kompaila anakiangalia kitanzi, anaona kwamba kuongeza moja mara milioni ni sawa na kuongeza milioni mara moja, na anakifuta kitanzi chote na kuweka amri moja ya kuongeza 1000000. Dirisha la mashindano limepungua kutoka mara milioni hadi mara moja kwa kila uzi. Programu inatoa 2000000 asubuhi hadi jioni, na bado ina kosa lilelile. Na mtu akiweka `printf` ndani ya kitanzi ili aone kinachoendelea, uandishi huo wa skrini ni wa polepole na wenyewe hutumia kufuli kwa ndani. Nyuzi huanza kusubiriana na mwendo wao hubadilika kabisa, mara nyingi kiasi cha kuliondoa kosa mbele ya macho ya aliyekuwa akilitafuta.

Zipo pia tiba ambazo hutajwa sana na hazitibu. Iliyo maarufu ni kuandika `volatile int jumla`. Katika C neno hilo linamwamuru kompaila asome na kuandika kumbukumbuni kila mara bila kupunguza, na hapo hata `-O2` hairuhusiwi kukifuta kitanzi. Hatua tatu zinabaki tatu, na matokeo yake ni kinyume cha yaliyotarajiwa: kosa lililokuwa limejificha linarudi hadharani. Katika Java `volatile` ina ahadi nzito zaidi, kwani uzi mmoja ukiandika, mwingine utaona. Hata huko `jumla++` inabaki kusoma, kuongeza na kuandika, na nyongeza zinapotea vilevile.

Wengine hutoa hoja ya mashine. Prosesa za ukoo wa x86, wanasema, zinayo amri moja inayoweza kuongeza moja kwa moja kumbukumbuni, `addl $1, jumla(%rip)`, na uzi hauwezi kusimamishwa katikati ya amri moja. Kwa kiini kimoja hoja hiyo ni sahihi. Kwa viini viwili si sahihi, kwa sababu ndani ya prosesa amri hiyo moja bado ni kusoma, kuongeza na kuandika, na kiini cha pili kinaweza kupenya katikati yake.

Tiba ya kweli ni kuzifanya hatua tatu zisigawanyike machoni pa nyuzi nyingine. Tatizo hili liliandikwa kwa ukamilifu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha makala fupi kuhusu namna michakato kadhaa inavyoweza kuhakikishiwa kwamba ni mmoja tu unaoingia katika sehemu nyeti ya kazi yake kwa wakati mmoja. Kabla yake mwanahisabati Theodorus Dekker, Mholanzi mwenzake, alikuwa amepata jibu kwa michakato miwili. Leo mwandishi wa programu halazimiki kuujua utatuzi wao kwa undani. Anatumia kufuli iliyokwisha kutengenezwa:

```c
pthread_mutex_lock(&kufuli);
jumla++;
pthread_mutex_unlock(&kufuli);
```

Uzi unaoikuta kufuli mikononi mwa mwingine husubiri. Hivyo hakuna anayesoma `jumla` huku mwenzake akiwa na nakala ambayo hajairudisha, na jibu linakuwa 2000000 kila safari. Lakini jambo moja hupitwa na wanafunzi wengi: kufuli hii haikilindi kihesabu. Hakuna uhusiano wowote kati ya `kufuli` na `jumla` isipokuwa makubaliano yaliyomo kichwani mwa walioandika programu. Kama `jumla` inaguswa mahali hamsini katika msimbo, na mahali arobaini na tisa pamefungwa vizuri, pale pamoja paliposahauliwa panatosha kuurudisha mchezo mwanzo, kwa kuwa uzi usioomba kufuli hausubirishwi na mtu. Kosa lilelile hutokea pale kila uzi unapotengenezewa kufuli yake. Zote zinafunga na kufungua kwa utiifu, na hakuna inayomzuia mwenzake.

Kufuli ina gharama pia. Ikiwekwa ndani ya kitanzi kama hapo juu, inafungwa na kufunguliwa mara milioni mbili, na nyuzi mbili hutumia muda mwingi kusubiriana kuliko kuhesabu. Programu huweza kuwa polepole mara nyingi zaidi ya ile ya uzi mmoja ambayo haikuhitaji kufuli hata kidogo, jambo ambalo linaifanya shughuli nzima ya kugawa kazi ionekane kichekesho. Kwa kihesabu tupu kuna njia nyepesi. Kiwango cha C cha mwaka 2011 kinatoa matendo yasiyogawanyika, na `atomic_fetch_add(&jumla, 1)` ni mojawapo. Kwenye x86 hutafsiriwa kuwa amri ileile ya kuongeza kumbukumbuni ikiwa na kiambishi `lock` mbele yake, kinachokifanya kiini kishikilie kipande chake cha kache mpaka kusoma, kuongeza na kuandika vimekamilika. Java ina `AtomicInteger` kwa kazi hiyohiyo. Ni haraka kuliko kufuli, ila viini bado vinanyang'anyana kipande kilekile.

Iliyo bora kwa programu hii haihitaji ustadi wowote. Kila uzi uhesabu katika kigeu chake cha ndani, kama unavyofanya tayari kwa `i`, na mwishoni uongeze jumla yake ndogo kwenye jumla kubwa chini ya kufuli. Kufuli inatumika mara mbili badala ya milioni mbili, na nyuzi zinakimbia bila kugusana. Waandishi wengi huruka moja kwa moja kwenye swali la kufuli ipi itumike, kabla ya kujiuliza kama kulikuwa na haja ya kukishirikisha kihesabu tangu mwanzo.

Kihesabu kinachopunguka ni mfano mpole. Udhaifu uleule uliwahi kuua. Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi ya kampuni ya AECL ya Kanada, na kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa sita katika Kanada na Marekani walipigwa mionzi kupita kiasi, baadhi yao wakafa. Nancy Leveson na Clark Turner, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1993, walionyesha kwamba kazi kadhaa za programu hiyo zilienda sambamba zikishiriki vigeu, na kwamba kukagua kigeu na kukiweka upya hayakuwa tendo lisilogawanyika. Katika ajali za Tyler, Texas, za mwaka 1986, mwendesha mashine aliyezoea kazi alisahihisha aina ya mionzi kwenye skrini ndani ya zile sekunde 8 hivi ambazo mashine ilikuwa ikipanga sumaku zake. Skrini ilionyesha sahihisho, sehemu nyingine ya programu haikuliona. Mwendeshaji wa polepole asingelikuta kosa hilo kamwe, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kulirudia lilipochunguzwa.

Kwa kuwa jibu sahihi halithibitishi kitu, makosa haya hutafutwa kwa chombo kisichoangalia jibu. Kinachotumika sana kwa C na C++ ni ThreadSanitizer, kilichomo ndani ya GCC na Clang. Programu hutafsiriwa upya kwa `gcc -g -fsanitize=thread hesabu.c`, na ikiendeshwa hutoa onyo la namna hii, likiutaja mstari wenyewe:

```
WARNING: ThreadSanitizer: data race (pid=4127)
  Write of size 4 at 0x55d0c8a4e014 by thread T2:
    #0 ongeza hesabu.c:8
  Previous write of size 4 at 0x55d0c8a4e014 by thread T1:
    #0 ongeza hesabu.c:8
```

Chombo hiki hurekodi kila mguso wa kumbukumbu pamoja na uzi ulioufanya, na hurekodi kila kufuli inayofungwa na kufunguliwa. Kikikuta nyuzi mbili zimegusa mahali pamoja, angalau moja kwa kuandika, na hakuna kufuli wala kusubiriana kulikoweka mmoja mbele ya mwingine, kinapiga kelele. Hakihitaji nyongeza ipotee kweli. Kwa hiyo hata programu ya mizunguko elfu moja, inayotoa 2000 kamili, hunaswa. Bei yake ni mwendo: kwa maelezo ya watengenezaji wake, programu huwa polepole kati ya mara 5 na 15 na hula kumbukumbu mara 5 hadi 10, kwa hiyo hutumika kwenye majaribio, si kwa wateja. Tena huona tu njia za msimbo zilizopitiwa siku ile.

Kuna kosa moja ambalo halitaliona hata likipitiwa. Mtu amesoma kuhusu matendo yasiyogawanyika, akaandika hivi:

```c
int x = atomic_load(&jumla);
atomic_store(&jumla, x + 1);
```

Kila mstari peke yake ni salama, na ThreadSanitizer inanyamaza kwa haki, maana hakuna mguso hata mmoja usio na ulinzi. Jumla bado inapungua. Kusoma hakugawanyiki, kuandika hakugawanyiki, ila kati ya mistari miwili pana nafasi ileile ya zamani, na `x` ndiyo ile nakala iliyokuwa katika rejista. Pale ambapo hesabu ni ngumu kuliko kuongeza moja na `atomic_fetch_add` haifai, mwandishi hutumia `atomic_compare_exchange_weak`. Tendo hilo hupewa thamani iliyosomwa na thamani mpya, na huandika mpya kwa sharti kwamba `jumla` bado ni ileile iliyosomwa. Ikiwa mwenzake ameshaibadilisha, haliandiki chochote. Linarudisha jibu la kukataa pamoja na thamani ya sasa, na uzi unaanza hesabu yake upya kutoka hapo.